Kinachonuka na Kinachodhuru: Namna ya Kusoma Tarehe za Chakula

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta shangazi yangu, nyumbani kwake Temeke, akisafisha friji na kabati la jikoni. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu usiku na ulirudi saa moja asubuhi. Ndoo ya taka ilikuwa pembeni yake, na ndani yake tayari kulikuwa na boksi la maziwa ya muda mrefu ambalo halijafunguliwa, lililopita tarehe yake kwa siku tisa. Kulikuwa pia na pakiti mbili za biskuti zilizopita tarehe kwa wiki tatu, na kopo la maharage lililopita kwa mwezi mmoja. Juu ya meza, vikisubiri kurudishwa kwenye friji, palikuwa na pakiti ya soseji zilizopikwa kiwandani na maziwa freshi ya pakiti yaliyobaki nusu.

"Shikamoo shangazi. Mbona unatupa maziwa mazima?"

"Marahaba mwanangu. Muda wake umeisha. Siwezi kuwalisha wajukuu sumu."

"Na hizo soseji?"

"Hizo bado. Soma mwenyewe, zina siku nne mbele."

Shangazi ni mwangalifu kuliko watu wengi ninaowajua. Anasoma kila pakiti kabla ya kulipa, na mwenye duka mtaani kwao anamheshimu kwa hilo. Lakini asubuhi ile, kwa kufuata tarehe peke yake, alikuwa ametupa vyakula vinavyolika na kubakiza viwili vilivyopaswa kutupwa. Tulikaa tukapitia kimoja baada ya kingine, na haya ndiyo tuliyozungumza.

Maneno mawili, ahadi mbili

Viwango vya kimataifa vya chakula hupangwa na tume iitwayo Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO. Kanuni yake ya lebo za vyakula vilivyofungashwa, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatenganisha aina mbili za tarehe ambazo wengi wetu tunazisoma kama kitu kimoja.

Ya kwanza ni ile inayoandikwa "BEST BEFORE", au kwa kifupi "BB". Maana yake ni bora kabla ya siku hiyo. Mtengenezaji anaahidi kwamba mpaka tarehe hiyo, chakula ambacho hakijafunguliwa na kimehifadhiwa inavyotakiwa kitakuwa na ladha, harufu, rangi na ulaini uleule aliokusudia. Ikipita, biskuti inaweza kulegea na majani ya chai yakapoteza harufu. Codex inasema wazi kwamba baada ya tarehe hii chakula bado kinaweza kufaa kuliwa.

Ya pili ni "USE BY", yaani mwisho wa kutumia. Hii inahusu usalama. Baada ya siku hiyo chakula hakipaswi kuuzwa wala kuliwa, hata kama kinaonekana kizuri. Huwekwa kwenye vyakula vinavyokaa kwenye baridi na kuharibika haraka, kama nyama mbichi, samaki wa kufukizwa moshi, na nyama zilizopikwa kiwandani ambazo mtu anaweza kuzila bila kuzipika tena.

Tatizo letu ni kwamba kwenye maduka ya Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zina "MFG", siku ya kutengenezwa, na "EXP", siku ya kuisha muda, basi. Kwa Codex, "EXP" ni sawa na mwisho wa kutumia. Lakini utaikuta kwenye soseji, na utaikuta hiyohiyo kwenye biskuti kavu. Pakiti za biskuti za shangazi ziliandikwa "EXP", huku boksi la maziwa likiandikwa "BEST BEFORE". Kwa hiyo kusoma herufi hakutoshi. Inabidi ujue pia chakula chenyewe ni cha aina gani na kinaharibika vipi.

Bakteria wa aina mbili

Sote tumelelewa kupima chakula kwa pua. Mama alinusa mboga ya jana, akaamua. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kina mpaka wake, na mpaka huo ndio sababu ya kuwapo kwa tarehe mbili.

Bakteria wanaokaa kwenye chakula tunaweza kuwagawa makundi mawili. Kundi la kwanza ni waharibifu. Hawa ndio wanaofanya maziwa kuchacha, nyama kuteleza kwa utelezi na samaki kunuka. Wengi wao hawatuletei ugonjwa mkubwa. Wanatuharibia chakula, lakini pia wanatupa taarifa.

Kundi la pili ni vimelea vya magonjwa, kama salmonela na listeria. Hawa wanaweza kuongezeka ndani ya chakula mpaka wakamwangusha mtu kitandani, na chakula kisibadilike harufu wala ladha. Pua haina la kusema hapo.

Listeria ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kwa nini soseji zina tarehe kali. Bakteria wengi wanaotusumbua husimama kukua kwenye friji. Listeria huendelea, polepole lakini bila kukoma, hata kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Tufanye hesabu rahisi. Tuseme kipande cha soseji kimetoka kiwandani kikiwa na bakteria mmoja kwa kila gramu, na kwamba kwenye friji isiyo baridi sana wanaongezeka mara mbili kila siku. Siku ya tatu watakuwa 8. Siku ya sita watakuwa 64. Siku ya saba watakuwa 128, na siku ya kumi na nne watapita 16,000. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka vyakula vingi vya namna hii visizidi 100 kwa gramu katika muda wote vinapouzwa. Kwa mfano wetu, mtengenezaji angelazimika kuandika siku ya sita. Siku ya kumi na nne soseji hizo zinaweza kunukia vizuri kabisa.

Afrika imeyaona matokeo yake. Kati ya mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa wa listeria. Watu zaidi ya 1,000 walithibitika kuugua na zaidi ya 200 walifariki, wakiwamo watoto wachanga. Machi 2018 wizara ya afya ilitangaza chanzo: nyama ya poloni, ile soseji nene inayokatwa vipande na kuliwa baridi, kutoka kiwanda kimoja mjini Polokwane. Bakteria walikuwa wameingia wakati wa kutengeneza, na walaji hawakuwa na njia ya kuwanusa.

Wanaodhurika zaidi ni wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu. Mjamzito anaweza kuhisi homa ndogo tu, kumbe mimba iko hatarini. Kwa watu hawa soseji na nyama za namna hii ni vizuri zipikwe mpaka zitoe mvuke katikati, hata kabla ya tarehe kufika.

Somo la maziwa

Maziwa yanaonyesha tofauti hii vizuri, kwa sababu tunayanunua kwa namna mbili.

Maziwa freshi ya pakiti huwa yamechemshwa kiwandani kwa kiasi, mara nyingi kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa haraka. Joto hilo linaua vimelea vya magonjwa, lakini linabakiza baadhi ya bakteria waharibifu. Ndiyo maana yanahitaji friji, na yakikaa yanachacha. Yakiwa kwenye baridi muda wote, kwa kawaida yatachacha kabla ya kuwa hatari, na mchacho huo unaunusa mara moja. Kwa sababu hiyo maduka ya Morrisons nchini Uingereza yalitangaza Januari 2022 kwamba yanaondoa tarehe ya mwisho wa kutumia kwenye sehemu kubwa ya maziwa yao na kuweka ile ya ubora, huku yakiwaambia wateja wanuse kwanza. Hapa pua inatosha. Kwa maziwa mabichi yasiyochemshwa haitoshi, hata kama ng'ombe amekamuliwa leo.

Maziwa ya muda mrefu ya boksi yamepita kwenye joto la nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache, kisha yakafungwa ndani ya boksi lenye tabaka za karatasi, plastiki na alumini bila kuguswa na hewa chafu. Hakuna bakteria aliyebaki wa kuweza kukua humo. Kinachobadilika ndani ya miezi ni ladha, ambayo inakuwa kama ya maziwa yaliyoungua kidogo. Mafuta nayo yanaweza kupanda juu, na maziwa ya zamani sana yanaweza kuwa mazito kama uji mwepesi. Siku tisa baada ya tarehe, boksi ambalo halijavimba wala kuvuja lina maziwa yaleyale yaliyokuwamo wiki iliyotangulia.

Lakini kata kona ya boksi hilo, na habari inabadilika palepale. Hewa imeingia, mkono umegusa, na maziwa ya miezi sita yamekuwa maziwa ya siku tatu au nne, tena ndani ya friji. Tarehe iliyochapwa juu haina kazi tena.

Tarehe inapatikanaje

Tarehe haitoki hewani. Kiwanda huchukua pakiti nyingi za siku moja na kuziweka kwenye joto lilelile linaloandikwa kwenye lebo. Kila baada ya siku kadhaa hufungua baadhi, na mafundi wa maabara huhesabu bakteria na kupima uchachu, huku watu waliofunzwa wakionja. Tuseme maziwa freshi yanaanza kushindwa siku ya kumi. Kiwanda hakitaandika siku ya kumi. Kitaandika siku ya saba, kwa kuwa kinajua gari litakwama njiani na mlango wa friji ya duka utafunguliwa mara mia kwa siku.

Kwa hiyo tarehe ni jibu la jaribio, na jaribio lina masharti mawili: pakiti haijafunguliwa, na imekaa kwenye joto lililoandikwa. Lebo ikisema hifadhi chini ya nyuzi 5, basi tarehe ile inasimama juu ya maneno hayo. Pakiti iliyokaa juani nje ya duka saa tatu inaweza kuwa imekwisha siku zake zote huku maandishi bado yanasema wiki ijayo.

Hapa ndipo umeme uliokatika unapoingia. Friji iliyofungwa bila kufunguliwa hubaki na baridi ya kutosha kwa takriban saa nne. Jokofu la kugandisha lililojaa hubaki salama kama saa 48, na lililojaa nusu kama saa 24, mradi usilifungue. Baada ya hapo, nyama, samaki, maziwa na vyakula vilivyopikwa vikikaa zaidi ya saa mbili kwenye joto lililozidi nyuzi 5 havifai tena. Siku ambazo joto linazidi nyuzi 32, kama ilivyo kawaida pwani mwanzoni mwa mwaka, muda huo ni saa moja.

Wengi husema watachemsha upya na mambo yataisha. Kuchemsha huua bakteria walio hai, lakini baadhi yao huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mmoja wao hupenda wali uliobaki mezani usiku kucha, na kuupasha asubuhi hakusaidii. Vivyo hivyo, maziwa yaliyochacha yenyewe ndani ya friji yenye joto si mtindi. Mtindi hutengenezwa na bakteria waliochaguliwa, kwenye maziwa yaliyochemshwa kwanza.

Kugandisha ni jambo jingine, na linasaidia sana. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawakui, ingawa hawafi. Nyama yenye tarehe ya kesho unaweza kuigandisha leo, na saa yake inasimama. Siku unayoitoa, iyeyushie ndani ya friji na uipike ndani ya saa 24. Ila igandishwe kabla ya tarehe kupita.

Vyakula vikavu na vya kopo

Bakteria wanahitaji maji. Biskuti, tambi, mchele, sukari na chumvi havina maji ya kutosha kuwakuza. Codex hata haidai tarehe kwenye siki na sukari ya punje. Kinachoharibika kwenye vyakula vikavu zaidi ni mafuta, ambayo hewa huyageuza yakawa na uchungu. Ndiyo maana unga wa dona hauvumilii kama sembe: dona ina kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta. Ukionja chembe ya unga ukahisi uchungu kwenye ulimi, muda wake umefika, tarehe iwe imepita au haijapita.

Chakula cha kopo hupikwa ndani ya kopo lililozibwa, kwenye joto la nyuzi 121 hivi, na hilo humaliza hata bakteria wagumu. Kopo zima hudumu sana kupita tarehe yake, huku ladha ikififia polepole. Lakini kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyokula bati au lililobonyea kwenye mshono, litupe bila kulifungua na bila kuonja. Uvimbe ni gesi, na gesi ina maana kuna kitu kinaishi ndani. Miongoni mwa vinavyoweza kuishi humo ni bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake kidogo sana inatosha kupooza misuli ya kupumua.

Kuna pia hatari ambayo tarehe haiioni kabisa, nayo ni sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Inatokana na kuvu wanaoota pale nafaka inapohifadhiwa ikiwa na unyevu, na haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaleta vifo Dodoma na Manyara. Unga uliotokana na mahindi yenye ukungu ni hatari siku ileile uliposagwa. Ukiona au kunusa ukungu kwenye unga au karanga, usichambue wala kupepeta. Tupa zote.

Na kuna chakula kikavu kimoja ambacho tarehe yake haina mjadala: maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mtoto anayategemea kwa kila kitu, na baadhi ya vitamini hupungua kadiri muda unavyokwenda. Marekani, ambayo haina sheria ya shirikisho inayolazimisha tarehe kwenye vyakula vingine, inailazimisha kwenye hayo. Ikipita, usimpe mtoto.

Kurudi jikoni kwa shangazi

Tulianza na ndoo. Boksi la maziwa tulilipangusa na kulitazama pande zote: halikuvimba na kona zake zilikuwa kavu. Tulilifungua, tukamimina kwenye kikombe, tukanusa, tukaonja. Yalikuwa mazuri. Tulichemsha chai ya maziwa, na yaliyobaki yakaingia kwenye friji yamalizwe ndani ya siku tatu.

Biskuti zilikuwa zimelegea kidogo tu, hazikuwa na uchungu. Watoto walizila na chai hiyohiyo. Kopo la maharage halikuwa na kutu wala bonyeo kwenye mshono, na bati lake lilikuwa bapa juu na chini. Lilirudi kabatini likiwa la kwanza kupikwa.

Kisha tukafika mezani. Soseji zilikuwa na siku nne za tarehe, lakini zilikaa saa kumi bila umeme, usiku wa joto, ndani ya friji ambayo watoto walikuwa wameifungua wakitafuta maji. Kati ya saa hizo, si chini ya sita zilikuwa nje ya baridi inayotakiwa. Shangazi alizinusa, akanipa nami ninuse. Hazikuwa na harufu yoyote mbaya.

"Hazinuki," alisema.

"Hazinuki, shangazi. Na wadudu wake hawanuki."

Alizishika kidogo mkononi, kwa sababu ni pesa yake, kisha akaziweka kwenye ndoo. Maziwa freshi yalifuata, kwa sababu kunusa maziwa kunaaminika pale tu yalipobaki kwenye baridi, na haya yalikuwa yamefunguliwa na kupata joto.

Kuhusu duka tulikubaliana jambo moja. Uamuzi wa kula biskuti iliyopita tarehe ni wa mtu na jikoni mwake. Mwenye duka hana ruhusa hiyo. Tanzania, maofisa wa Shirika la Viwango, TBS, hukagua maduka na kuteketeza bidhaa zilizoisha muda, na mnunuzi anayekuta tarehe imefutwa, imekwanguliwa au imebandikwa karatasi nyingine juu anapaswa kuiacha hapo na kutoa taarifa. Aliyebadilisha tarehe hawezi kuaminika pia kuhusu namna alivyoihifadhi.

Kabla sijaondoka, shangazi alichukua kalamu ya wino mzito na boksi la maziwa tulilolifungua. Juu ya boksi, kando ya tarehe ya kiwanda, aliandika tarehe ya siku hiyo na neno moja: "Limefunguliwa."